Kodi ya 9 kwa kila kizio: kwa nini bei hupanda kwa 6 tu

*"Shikamoo mwalimu. Katika zoezi letu la uchumi tumepewa mahitaji Q = 200 − 2P na ugavi Q = 4P − 40, kisha serikali inaweka kodi ya 9 kwa kila kizio, inayolipwa na muuzaji. Mimi nilidhani muuzaji ataongeza tu hiyo 9 kwenye bei na mnunuzi aibebe yote, maana hakuna anayekubali hasara. Mwenzangu anasema sheria imemtaja muuzaji, kwa hiyo anayeumia ni yeye. Nilipotumia kanuni ya mteremko nilipata mnunuzi anabeba 3 na muuzaji 6, lakini kitabu kinasema kinyume chake. Nani yuko sahihi, na mteremko unaamuaje haya yote?"*

Marahaba. Kitabu kiko sahihi: mnunuzi anabeba 6 na muuzaji anabeba 3. Wewe na mwenzako mmekosea kwa njia mbili tofauti, na hesabu yako ya kanuni ina kosa la tatu, ambalo katika karatasi za mitihani ndilo ninalolikuta mara nyingi kuliko mengine yote. Nitaanza na soko lenyewe na kuiacha kanuni hadi baadaye, kwa sababu kanuni hii ikikaririwa bila kuona inakotoka hugeuka kichwa chini kwa urahisi sana, na ndivyo ilivyokufanyia.

Kabla ya kodi, soko linatulia pale kiasi wanachotaka wanunuzi kinapolingana na kiasi ambacho wauzaji wako tayari kukitoa. Ukilinganisha 200 − 2P na 4P − 40 unapata bei ya 40 na kiasi cha vizio 120. Zishike namba hizo mbili, kisha uzitazame namba nyingine mbili zilizomo ndani ya milinganyo yako, yaani ile 2 na ile 4. Ya kwanza inasema kwamba bei anayolipa mnunuzi ikipanda kwa 1, wanunuzi wote kwa pamoja wanapunguza ununuzi kwa vizio 2. Ya pili inasema kwamba fedha inayobaki mkononi mwa muuzaji ikipungua kwa 1, wauzaji wote kwa pamoja wanapunguza kiasi wanachopeleka sokoni kwa vizio 4. Kwa hiyo katika soko hili wauzaji wana wepesi wa kujiondoa mara mbili kuliko wanunuzi, na jibu zima la swali lako limo katika uwiano huo.

Sasa kodi imewekwa. Tuchukue kwanza dhana yako, kwamba muuzaji anaongeza 9 kwenye bei na mambo yanaishia hapo. Bei mpya itakuwa 49. Muuzaji akishaikabidhi serikali 9, anabaki na 40 ileile aliyokuwa akiipata, kwa hiyo hana sababu ya kupunguza chochote: ataleta vizio 120 kama kawaida. Lakini mnunuzi anayekutana na bei ya 49 hanunui kama zamani. Weka 49 kwenye mlinganyo wa mahitaji, utaona wanunuzi wanataka vizio 102 tu. Vizio 18 vinabaki bila mnunuzi. Hapo muuzaji hahitaji kufundishwa uchumi ili ajue la kufanya, kwani mzigo uliobaki unamlazimisha ashushe bei, kwanza huyu, kisha yule, na wenzao wanafuata ili wasibaki na mali yao.

Elewa vizuri hoja yako ilipokosea. Ulisema hakuna anayekubali hasara, na ni kweli hakuna anayeipenda, lakini muuzaji katika soko lenye ushindani hachagui kati ya kupata hasara na kutoipata. Anachagua kati ya kuuza vizio vyote kwa faida iliyopungua na kubaki na vizio ambavyo hakuna anayevitaka kwa bei aliyoitaja. Bei ya 49 haidumu, si kwa sababu muuzaji ana huruma, bali kwa sababu wanunuzi nao wana la kusema, nalo wanalisema kwa kupunguza ununuzi.

Tuchukue dhana ya pili, ya mwenzako, kwamba bei inabaki 40 na muuzaji anameza kodi yote. Muuzaji akipokea 40 na kutoa 9, anabaki na 31. Kwa fedha hiyo, mlinganyo wa ugavi unasema wauzaji wataleta vizio 84 tu. Wanunuzi nao, ambao kwao hakuna kilichobadilika, bado wanataka vizio 120. Sasa kuna upungufu wa vizio 36, na wanunuzi wanaoogopa kukosa wanakubali kulipa zaidi, kwa hiyo bei inaanza kupanda. Kwa hiyo 40 nayo haidumu. Jibu liko mahali fulani kati ya 40 na 49, na kilichobaki ni kujua ni wapi hasa.

Hapa ndipo ningependa utulie na kalamu, maana hatua inayofuata ndiyo kanuni yenyewe kabla haijavikwa alama. Tuko kwenye bei ya 40, na upungufu ni vizio 36. Upungufu huo umetoka wapi? Umetoka kwa wauzaji peke yao: kodi ya 9 imewapunguzia mapato kwa 9 kwa kila kizio, na kila 1 inayopungua inaondoa vizio 4, kwa hiyo 9 mara 4 ni 36. Sasa bei ya sokoni ikipanda kwa 1 tu, mambo mawili yanatokea kwa pamoja. Wanunuzi wanapunguza madai yao kwa vizio 2, na wauzaji, ambao sasa wanabaki na 1 zaidi, wanarudisha vizio 4. Kwa hiyo kila 1 ya bei inaziba vizio 6 vya upungufu. Kuziba vizio 36 kunahitaji bei ipande kwa 36 kugawanya kwa 6, yaani kwa 6. Mnunuzi sasa analipa 46, muuzaji anabaki na 37, na tofauti ya 9 iko serikalini. Hakiki: kwa 46 wanunuzi wanataka vizio 108, na kwa 37 wauzaji wanaleta vizio 108. Soko limetulia.

Unaweza kufika palepale ukianzia upande wa pili. Kwenye bei ya 49 kulikuwa na ziada ya vizio 18. Kila 1 ya bei inayoshuka inawarudisha wanunuzi kwa vizio 2 na kuwaondoa wauzaji kwa vizio 4, kwa hiyo inafuta vizio 6 vya ziada. Ukigawanya 18 kwa 6 unapata 3, bei inashuka kutoka 49 hadi 46, na hiyo 3 ndiyo fungu la muuzaji.

Ukiiandika safari hiyo kwa alama, ukaiita d namba ya wanunuzi, yaani 2, na s namba ya wauzaji, yaani 4, na kodi ukaiita t, unapata hivi:

```
fungu la mnunuzi = t × s / (d + s) = 9 × 4 / 6 = 6
fungu la muuzaji = t × d / (d + s) = 9 × 2 / 6 = 3
```

Angalia kwamba juu ya mstari wa mgawanyo, fungu la mnunuzi limebeba namba ya muuzaji. Wanafunzi wengi hushtuka hapo, na nadhani ndipo ulipokwama, kwa sababu kuweka namba ya mnunuzi kwenye fungu la mnunuzi kunaonekana ndiko kunakoeleweka. Lakini sasa unajua namba ya muuzaji imefikaje pale. Upungufu unaolazimisha bei ipande unatengenezwa na wauzaji wanaojiondoa, kwa hiyo kadiri wanavyojiondoa kwa wepesi ndivyo upungufu unavyokuwa mkubwa na ndivyo mnunuzi anavyosukumiwa sehemu kubwa zaidi ya kodi.

Kuna chanzo kingine cha mkanganyiko, nacho ni mchoro. Katika milinganyo uliyopewa, kiasi kiko upande wa kushoto na bei upande wa kulia. Katika mchoro wa uchumi, kwa mazoea ya zamani, bei inawekwa kwenye mhimili wima na kiasi kwenye mhimili mlalo. Ukitaka kusoma mteremko kama unavyoonekana kwenye mchoro, lazima kwanza uigeuze milinganyo hiyo. Mahitaji yanakuwa P = 100 − Q/2, na ugavi unakuwa P = 10 + Q/4. Miteremko sasa ni nusu kwa mahitaji na robo kwa ugavi. Mstari wa mahitaji ndio uliosimama wima zaidi, ingawa namba yake katika milinganyo ya awali ilikuwa ndogo. Ukitumia miteremko hii ya mchoro, kanuni inabadilisha sura: fungu la mnunuzi ni mteremko wa mnunuzi mwenyewe ukigawanywa kwa jumla ya miteremko miwili. Nusu kugawanya kwa robo tatu ni theluthi mbili, na theluthi mbili ya 9 ni 6. Jibu ni lilelile.

Kwa hiyo zipo kanuni mbili zilizo sahihi, na kosa lako, kama ninavyolisoma, ni kuchukua namba za kanuni moja na kuziingiza katika nyingine. Ulikumbuka kwamba "mwenye mteremko mkali hubeba zaidi", jambo ambalo ni kweli kwenye mchoro, kisha ukachukua 2 na 4 kutoka kwenye milinganyo ambayo haijageuzwa, ukaona 4 ni kubwa kuliko 2, ukampa muuzaji mzigo mkubwa. Kujikinga ni rahisi na hakuhitaji kukariri. Kila unapomaliza, jiulize kanuni yako ingesema nini kuhusu wanunuzi wasioweza kupunguza hata kizio kimoja, bei iwe iwayo. Kwa watu hao d ni 0, na ni dhahiri kodi yote itawaangukia, maana hakuna ziada itakayobaki kwa muuzaji kumlazimisha ashushe bei. Weka 0 kwenye kanuni niliyoiandika hapo juu: unapata t × s / s, yaani kodi yote. Weka 0 kwenye kanuni uliyoitumia wewe, utaona inakuambia wanunuzi hao hawalipi chochote. Upuuzi huo unakuonyesha palepale kwamba umegeuza.

Turudi kwa mwenzako, maana hoja yake kuhusu sheria inastahili kujibiwa kikamilifu. Tuseme sheria inabadilishwa, na sasa mnunuzi ndiye anayetakiwa kuikabidhi serikali 9 kwa kila kizio anachonunua. Mnunuzi anayeona bei ya sokoni P anajua kwamba gharama yake halisi ni P + 9, kwa hiyo mahitaji yanakuwa 200 − 2(P + 9), yaani 182 − 2P. Linganisha na ugavi wa 4P − 40. Bei ya sokoni inatoka 37. Mnunuzi analipa 37 kwa muuzaji na 9 kwa serikali, jumla 46. Muuzaji anabaki na 37. Kiasi ni vizio 108. Kilichobadilika ni bei iliyoandikwa kwenye lebo na jina lililo kwenye fomu ya kodi; mifuko ya watu haikuguswa na mabadiliko hayo hata kidogo. Sheria inaamua nani anapeleka fedha. Nani anazitoa ni jambo linaloamuliwa na d na s, na hizo hazimo katika sheria yoyote. Jambo hili lilikwisha kuonyeshwa kwa michoro ya mahitaji na ugavi mwanzoni mwa miaka ya 1870 na Fleeming Jenkin, ambaye kwa kazi yake alikuwa mhandisi, na hadi leo bado mijadala ya bajeti huendeshwa kana kwamba hakuna aliyewahi kulifikiria.

Nina tahadhari moja hapa, ili usije ukaibeba hoja hii kupita uwezo wake. Usawa huo unahitaji bei iwe huru kusogea. Mahali ambapo kuna bei elekezi ambayo muuzaji haruhusiwi kuivuka, au mkataba wa muda mrefu wenye bei iliyofungwa, kodi inakaa palepale sheria ilipoiweka hadi mkataba uishe au bei elekezi ibadilishwe.

Huenda kitabu chako kinaendelea kwa kuzungumzia unyumbufu badala ya mteremko, na utajiuliza kwa nini. Unyumbufu unapima mabadiliko kwa asilimia: bei ikipanda kwa asilimia 1, kiasi kinabadilika kwa asilimia ngapi. Faida yake ni kwamba hautegemei kama unahesabu kwa kilo, lita au mita, kwa hiyo unaweza kulinganisha bidhaa mbili zisizofanana. Lakini kwa kazi yetu hapa, tunalinganisha wanunuzi na wauzaji wa bidhaa ileile, kwa bei ileile na kiasi kilekile, kwa hiyo vipimo vinafutana vyenyewe. Katika msawazo wetu wa mwanzo unyumbufu wa mahitaji ni 2 mara 40 kugawanya kwa 120, yaani theluthi mbili, na wa ugavi ni theluthi nne. Uwiano ni uleule wa 2 kwa 4, na mgawanyo wa kodi ni uleule. Mistari ikiwa imenyooka, kama katika zoezi lako, jibu ni kamili hata kodi iwe kubwa, mradi soko lisife kabisa. Ikiwa imepinda, kanuni inafaa kwa kodi ndogo, na kwa kodi kubwa inakuwa makadirio.

Jambo ambalo ningetaka ulijali zaidi kuliko hilo la unyumbufu ni kwamba mgawanyo unategemea pande mbili kwa pamoja. Nasikia mara nyingi watu wakisema: bidhaa hii watu hawawezi kuiacha, kwa hiyo kodi yake italipwa na wanunuzi. Sentensi hiyo imesahau kuuliza habari za wauzaji. Chukua wanunuzi walewale wa zoezi lako, wenye d ya 2, lakini uwape wauzaji wasioweza kuhama haraka, kwa mfano kwa sababu mitambo yao imeshajengwa na haina kazi nyingine. Tuseme ugavi ni Q = 100 + 0.5P. Bei ya msawazo kabla ya kodi bado ni 40 na kiasi bado ni 120, kwa hiyo ukilitazama soko siku hiyo usingeona tofauti yoyote. Weka kodi ya 9. Upungufu unaozaliwa kwenye bei ya 40 ni 9 mara 0.5, yaani vizio 4.5, na kila 1 ya bei inaziba vizio 2.5. Bei inapanda kwa 1.8 tu. Mnunuzi analipa 41.8, muuzaji anabaki na 32.8, na safari hii ni muuzaji anayebeba 7.2 kati ya 9. Wanunuzi hawakubadilika hata chembe, lakini fungu lao limeshuka kutoka theluthi mbili hadi sehemu moja ya tano.

Ukiisoma mifano hiyo miwili kama soko moja katika nyakati mbili, utapata maelezo ya jambo linalowachanganya wengi. Kodi inapoanza, wauzaji wamekwama na mitambo yao, na bei inapanda kidogo. Watu wanasema wafanyabiashara wameimeza kodi. Miaka inapita, mitambo inachakaa na haibadilishwi, wengine wanahamia shughuli nyingine, s inakua kutoka 0.5 kuelekea 4, na bei inasogea polepole kutoka 41.8 kuelekea 46 bila kodi kuongezwa hata kidogo. Wakati huohuo wanunuzi nao wanaweza kupata mbadala, d ikakua, na bei ikazuiliwa isifike huko. Kwa hiyo ukiulizwa nani analipa kodi fulani, swali la kwanza unalopaswa kurudisha ni: baada ya muda gani?

Swali la pili ni: ndani ya mipaka gani? Mwaka 2014 Meksiko ilianza kutoza peso 1 kwa kila lita ya vinywaji vilivyoongezwa sukari, na vipimo vya bei vilivyofuata vilionyesha kwamba kwa wastani karibu kodi yote ilihamia kwenye bei ya mnunuzi. Mwaka 2015 jiji la Berkeley, California, lilianza kutoza senti 1 kwa kila aunsi ya vinywaji vya aina hiyo, na tafiti za miezi ya mwanzo zilikuta bei za rejareja zimepanda kwa chini ya nusu ya kodi. Kiu ya watu wa Berkeley haina tofauti ya ajabu na ya watu wengine. Ila kodi ya nchi nzima ni vigumu kuikwepa, na kodi ya jiji dogo lililozungukwa na majiji mengine mnunuzi anaweza kuikwepa kwa kununua upande wa pili wa mpaka. Mahitaji ya kinywaji chenyewe yanaweza kuwa magumu kupungua, huku mahitaji ya kukinunua katika maduka yaleyale hasa yakiwa mepesi sana kuhama, na d inayoingia kwenye kanuni ni hiyo ya pili.

Kabla sijaliacha zoezi lako, hesabu kitu kimoja ambacho huenda hukuulizwa. Serikali inakusanya 9 mara 108, yaani 972, ambapo 648 zimetoka kwa wanunuzi na 324 kwa wauzaji. Lakini wanunuzi wamepoteza zaidi ya 648. Kuna vizio 12 vilivyokuwa vikinunuliwa zamani na sasa havinunuliwi, na faida ambayo wanunuzi walikuwa wakiipata kwavyo imetoweka. Kwenye mchoro faida hiyo ni pembetatu yenye eneo la nusu ya 12 mara 6, yaani 36, na ya wauzaji ina nusu ya 12 mara 3, yaani 18. Fedha hizo 54 hazikumfikia yeyote, hata serikali. Ukijumlisha, wanunuzi wamepoteza 684 na wauzaji 342, bado kwa uwiano wa mbili kwa moja. Kwa hiyo ukitafuta nani ameumia kwa kusoma tu hesabu za mamlaka ya kodi, utayaona maumivu ya pande zote mbili kuwa madogo kuliko yalivyo.

Kanuni yote hii inadai wauzaji wawe wengi na wanaoshindana. Mahali penye ukiritimba usiitumie, maana mkiritimba hana mstari wa ugavi. Anachagua bei mwenyewe akitazama mahitaji. Mpe mkiritimba mahitaji yaleyale ya zoezi lako na gharama ya 20 isiyobadilika kwa kila kizio. Atauza vizio 80 kwa bei ya 60. Ukimwekea kodi ya 9, atauza vizio 71 kwa bei ya 64.5. Bei imepanda kwa 4.5, nusu kamili ya kodi, ilhali soko la ushindani lenye gharama hiyohiyo lingepandisha bei kwa 9 nzima. Watu wengi wangetarajia kinyume, kwamba mwenye nguvu ndiye atakayemsukumia mnunuzi kodi yote. Lakini mwenye nguvu alikwisha kupandisha bei hadi pale ambapo kuipandisha zaidi kunamwumiza mwenyewe. Umbo la mahitaji likiwa jingine, hasa yale yenye unyumbufu usiobadilika, mkiritimba anaweza hata kupandisha bei kwa zaidi ya kodi, kwa hiyo usiichukue ile nusu kama sheria ya jumla.

Kwa zoezi lako, ninachokushauri ni umpelekee mwalimu wako mchoro pamoja na milinganyo, ukiwa umeandika pembeni ni umbo lipi la mlinganyo ulilotumia, maana kosa la kugeuza namba huonekana upesi sana watu wawili wakiinamia karatasi moja. Na ikiwa swali lako lina uso mwingine, yaani wewe au jamaa yako mna biashara na mnataka kujua kodi mpya itagusaje faida yenu, basi kuna watu wawili wa kwenda kukaa nao ana kwa ana. Mhasibu wa kodi atawaambia nani anatakiwa kupeleka fedha, lini, na adhabu ya kuchelewa ni ipi, mambo ambayo kanuni ya mteremko haiyajui kabisa. Kuhusu d na s zenyewe, msizikadirie kwa kuchora mstari kupitia rekodi za bei na mauzo za miaka iliyopita. Kila nukta katika rekodi hizo ni mahali ambapo mahitaji na ugavi vilikutana, na mara nyingi vyote viwili vilikuwa vimehama, kwa hiyo mstari mtakaoupata hautakuwa wa wanunuzi wala wa wauzaji. Mtafuteni mchumi aliyezoea takwimu, na mpelekeeni pamoja na rekodi hizo orodha ya matukio yaliyougusa upande mmoja tu wa soko, kama vile kupanda kwa gharama ya malighafi, kwa sababu ni matukio ya namna hiyo yanayomwezesha kuutenganisha mteremko wa wanunuzi na ule wa wauzaji.